Mwenyekiti anataka maduara matano

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa hesabu kwenye chama cha akiba na mikopo huku Temeke. Tunaandaa taarifa ya mwaka kwa ajili ya mkutano mkuu. Mwenyekiti anataka kila mwaka, 2020 hadi 2024, uwe na duara lake la mikopo kwa sababu yanapendeza. Meneja anasema tuweke nguzo. Mjumbe mmoja wa bodi anasema mstari ndio wa kitaalamu. Na kwenye akiba wanataka tuongeze namba za 2010 na 2015 ili wanachama waone tulikotoka. Nimekutumia majedwali. Nitumie chati ipi?"*

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutuma namba zenyewe. Wengi huniuliza chati ipi ni nzuri bila kuniambia wanataka kuchora nini, nami hapo sina jibu la kuwapa. Kwa namba zako mimi ningefanya hivi: jumla ya mikopo ya kila mwaka iwe nguzo, aina nne za mikopo ziwe mistari, akiba iwe mstari, na mwenyekiti apate duara moja tu, la mwaka 2024. Kila mmoja kati ya hao watatu ana lake la kweli, ila wanabishania chati moja wakati maswali ni manne.

Neno dogo kabla sijaendelea. Shuleni nguzo tuliziita mihimili. Humu nitaziita nguzo, na neno mhimili nitaliweka kwa ule mstari wa namba pembeni ya chati, tusije tukachanganyana.

Nianze na maduara, maana ndiyo yenye mkubwa nyuma yake.

Mwaka 2020 mlitoa mikopo ya shilingi milioni 240: biashara milioni 120, elimu 60, dharura 36, ujenzi 24. Mwaka 2024 mlitoa milioni 420: biashara 168, elimu 105, ujenzi 105, dharura 42. Sasa chora maduara mawili ya miaka hiyo na uyaweke ubavu kwa ubavu. Kipande cha biashara kilikuwa nusu ya duara, sasa kimekuwa asilimia 40. Mwanachama wenu anayeuza nguo Mbagala Rangi Tatu akifungua ukurasa huo ataona kitu kimoja: wafanyabiashara tumepunguziwa mikopo. Atanyoosha mkono aulize, na hutaweza kumlaumu, kwa sababu picha ndivyo inavyosema. Kumbe biashara imeongezewa milioni 48, yaani imekua kwa asilimia 40 kutoka pale ilipokuwa.

Elimu ndiyo kituko kabisa. Milioni 60 katika 240 ni robo. Milioni 105 katika 420 ni robo vilevile. Kwenye maduara yote mawili kipande cha elimu ni kilekile, pembe ya nyuzi 90, kana kwamba kwa miaka minne hakuna kilichotokea. Wazazi mmewaongezea milioni 45, ongezeko la asilimia 75, na picha imekaa kimya.

Hii si hitilafu ya Excel wala ya rangi ulizochagua. Duara kila mara ni asilimia 100 ya kitu chake, iwe milioni 240 au milioni 420. Likishachorwa, ukubwa wa jumla umekwisha kupotea, na katika taarifa ya miaka mitano ukubwa wa jumla ndio habari yenyewe. Ndiyo maana maduara matano yakipangwa mstari mmoja yanafanana na sahani tano za mkahawa mmoja.

Kuna mtu atakushauri uchore duara la 2024 kubwa kuliko la 2020 ili ukuaji uonekane. Hapo ndipo wengi wanapotumbukia. Milioni 420 ni mara 1.75 ya milioni 240, basi mchoraji anachukua duara la upana wa sentimita 4 analifanya la sentimita 7. Lakini jicho linasoma eneo lote la duara, halipimi upana peke yake, na eneo la duara hilo limekuwa kama mara tatu. Ili eneo likue mara 1.75, upana unatakiwa ukue mara 1.32 tu, kutoka sentimita 4 hadi kama 5.3. Ukilichora hivyo kwa usahihi, msomaji naye hataiona tofauti, kwa sababu kukadiria maeneo ya maduara ni kazi inayotushinda wengi. Mwaka 1984 watakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, waliwapa watu michoro ya aina mbalimbali wakisie kipi ni sehemu gani ya kipi. Waliokuwa wakilinganisha urefu unaoanzia kwenye msingi mmoja walikosea kidogo kuliko waliolazimika kukisia pembe. Nguzo zina msingi mmoja. Vipande vya duara havina, na vikiwa kwenye maduara mawili tofauti ndiyo taabu zaidi.

Kama mwenyekiti anapenda lile duara lililolazwa, lenye unene kama keki, hapo mkatalie kabisa. Likishalazwa, kipande kilicho mbele kinaonyeshwa na ubavu wake na kinavimba, na kilicho nyuma kinasinyaa. Ukizungusha duara hilohilo dharura inaweza kuja mbele ikaonekana sawa na elimu, na namba haijabadilika hata moja.

Lakini duara moja la 2024 mpe, na mpe kwa moyo mweupe, kwa sababu hapo linafanya kazi yake. Swali la ukurasa huo ni jepesi: katika kila shilingi tuliyokopesha mwaka jana, ilikwenda wapi? Vipande ni vinne tu, viwili ni robo kamili ambayo kila mtu anaijua kwa macho, na vyote vinajumlika kuwa milioni 420. Andika jina na asilimia juu ya kila kipande, usiweke ile orodha ya rangi pembeni inayomfanya mzee avue miwani na kuvaa tena. Anza na biashara saa sita kamili, kisha elimu, ujenzi, na dharura imalizie.

Angalia tu usije ukaweka watu kwenye duara badala ya fedha. Nimeona kwenye faili lako kuna safu ya idadi ya waliokopa kwa kila aina. Mwanachama mmoja anaweza kuwa na mkopo wa elimu na wa dharura kwa wakati mmoja, na kwa hiyo kahesabiwa mara mbili. Excel haitakwambia kitu. Itajumlisha majina yaliyojirudia, itagawa kwa jumla hiyo, na itakutolea duara safi la asilimia 100 ya watu wasiokuwepo. Dalili yake ni hii: jumlisha safu hiyo uilinganishe na idadi ya wanachama waliokopa kwa mujibu wa daftari. Ikizidi, duara halifai, na idadi hizo zipeleke kwenye nguzo, ambako kila nguzo inasimama yenyewe bila kudai kuwa sehemu ya nzima.

Sasa nguzo na mstari. Watu husema nguzo ni za kulinganisha na mstari ni wa mwenendo. Si uongo, ila haisaidii sana, kwa sababu wewe unataka vyote viwili. Mimi hujiuliza swali jingine: namba hii ni jumla ya mwaka, au ni kiwango cha siku moja?

Mikopo iliyotolewa ni jumla ya mwaka. Tarehe 1 Januari hesabu inaanza upya kutoka sifuri, na kufika 31 Desemba mmefikisha milioni kadhaa. Jumla zako ni 240, 228, 290, 352 na 420. Kati ya 228 ya mwaka 2021 na 290 ya mwaka 2022 hakuna kitu kilichokuwa kikipanda polepole kutoka namba moja hadi nyingine. Ni mafungu mawili yaliyohesabiwa tofauti, na nguzo mbili zilizoachana zinasema hivyohivyo. Kwa miaka mitano nguzo zinaenea vizuri, na kushuka kwa 2021 kunaonekana bila kuelezwa. Msikione aibu kile kishimo. Andika chini yake sentensi moja ya sababu yake.

Akiba ni kitu kingine. Ile ni kama maji kwenye simtanki: unachungulia tarehe 31 Desemba, unaona yamefika wapi. Mwezi Juni maji yalikuwemo pia, hukupima tu. Kwa hiyo kuunganisha vipimo kwa mstari kuna maana, kwa sababu kati ya nukta mbili akiba ilikuwepo kweli na ilipita kwenye kiwango fulani. Mjumbe wenu wa bodi yuko sahihi hapa.

Na kwenye akiba ndipo ningependa ukae sana, kwa sababu ndipo taarifa yenu inaweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia. Namba zenu ni milioni 402, 409, 415, 421 na 428. Nilizichukua nikazipiga kwenye Excel kwa nguzo, kama meneja anavyotaka, sikugusa kitu. Mhimili wa wima ukajianzia 385. Nguzo ya 2020 ikawa na urefu wa vizio 17 juu ya msingi, na ya 2024 vizio 43. Ukitazama, akiba imekua mara mbili na nusu. Makofi ukumbini. Ukweli ni kwamba imekua kwa milioni 26, asilimia 6 na nusu kwa miaka minne.

Excel ina desturi yake hapa, na ukiijua utaikamata kila mara. Tofauti ya namba kubwa na ndogo ikizidi kama sehemu moja ya sita ya ile kubwa, inauanzisha mhimili kwenye sifuri. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, inakata chini ili mabadiliko yaonekane. Mikopo yenu, 228 hadi 420, inaangukia upande wa kwanza, kwa hiyo chati ile itatoka salama. Akiba inaangukia upande wa pili. Chati mbili kwenye taarifa moja, kompyuta moja, siku moja, na moja imekatwa miguu.

Kwa nguzo hilo halisameheki, maana urefu wa nguzo ndiyo namba yenyewe. Bofya mara mbili kwenye namba za mhimili wa wima, litafunguka `Format Axis`, kisha chini ya `Bounds` andika `0` kwenye `Minimum`. Iandike hata kama tayari inasomeka sifuri, ili mtu akibadili namba kesho isijirudishe.

Kwa mstari nina msimamo laini kidogo. Mstari unasomwa kwa mteremko na kwa mahali nukta ilipo, kwa hiyo mtu wa takwimu anaweza kuukata chini na akawa na sababu. Lakini wasomaji wako ni wanachama waliokaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri gawio, na wengi watatazama picha sekunde tano. Anzia sifuri. Mstari wa akiba utatoka karibu umelala, na mwenyekiti atakwambia hauvutii. Mwambie ndivyo akiba yenyewe ilivyo.

Tena umelala kuliko unavyoonekana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, na kwa miaka hiyo umekuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Chukua hata ile 3 ya chini: bei zikipanda asilimia 3 kila mwaka kwa miaka minne, kilichouzwa shilingi 100 sasa kinauzwa karibu 113. Akiba zenu kwa kipimo hicho zimetoka 100 kwenda 106 na nusu. Maana yake milioni 428 za 2024 zinanunua vitu vichache kuliko milioni 402 za 2020. Sikwambii uweke hili kwenye chati. Hilo ni la bodi kuamua. Lakini fikiria zile nguzo zilizokatwa miguu, zikishangilia ukuaji wa mara mbili na nusu, juu ya fedha ambayo kwa kweli imerudi nyuma.

Sasa kuhusu kuongeza 2010 na 2015. Wazo ni zuri, ila Excel ikichora mstari wa kawaida huchukulia miaka kama majina tu, kama vile Asha, Juma na Rehema, na huyapanga kwa nafasi sawa. Kutoka 2010 hadi 2015 itakuwa hatua moja, na kutoka 2023 hadi 2024 itakuwa hatua moja ileile. Ukuaji wa miaka mitano utabanwa kwenye nafasi ya mwaka mmoja, na mteremko wake utaonekana mkali mara tano ya ulivyo. Halafu mtu atasimama aseme, uongozi wa zamani ulikuwa unakuza akiba haraka, nyinyi mmelala. Ugomvi wote huo umeletwa na nafasi za kwenye karatasi.

Ukitaka kuona jambo hili mahali pengine, chukua sensa zetu tangu Muungano: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Wengi huzichora kwa nafasi sawa, na ile miaka 14 kati ya 1988 na 2002 inaonekana ni sawa na miaka 10 ya mbele yake. Dawa yake kwenye Excel ni kuacha `Line` na kuchagua `Insert`, kisha `Scatter`, kisha `Scatter with Straight Lines and Markers`. Hiyo inasoma mwaka kama namba na kuupa nafasi yake halisi. Weka vitone vinavyoonekana kwenye kila mwaka mliopima, ili msomaji ajue kwamba kati ya 2010 na 2015 mstari umevutwa tu, hakuna aliyepima.

Tumebakiwa na aina nne za mikopo kwa miaka mitano, na hapa navunja kanuni yangu mwenyewe. Ni jumla za mwaka, zilistahili nguzo. Lakini nguzo nne mara miaka mitano ni nguzo 20, na anayetaka kujua habari ya elimu itabidi aruke nguzo tatu kila mara kama mtu anayevuka madimbwi. Meneja huenda akapendekeza nguzo zilizopandana, aina juu ya aina. Hizo zina kasoro yao: aina ya chini kabisa inasomeka kwa sababu imekaa kwenye msingi, na kilele kinasomeka kwa sababu ni jumla, lakini zilizo katikati zinaelea. Elimu ya 2021 imekaa juu ya 108 ya biashara, na ya 2022 juu ya 132. Nani ataweza kusema kama elimu yenyewe imerefuka au imesukumwa tu juu?

Kwa mistari minne kila aina inabeba hadithi yake kutoka kushoto kwenda kulia. Biashara iko juu peke yake. Dharura imelala chini, 36 hadi 42. Na ujenzi, ulioanza 24, unapanda mpaka unaikuta elimu kwenye 105. Hiyo ndiyo habari kubwa kwenye jedwali lako lote, mwanangu: mwaka 2020 ujenzi ulipata sehemu moja tu ya kumi ya fedha mlizokopesha, mwaka 2024 umepata sawa na elimu. Maduara matano yangeionyesha nusunusu, na nguzo 20 zingeificha.

Ipange hivi kwenye Excel:

```
      Biashara  Elimu  Dharura  Ujenzi
2020  120       60     36       24
2021  108       57     37       26
2022  132       74     38       46
2023  150       88     40       74
2024  168       105    42       105
```

Unaona ile kona ya juu kushoto, `A1`, nimeiacha tupu. Ukiandika neno "Mwaka" pale, Excel mara nyingi inadhani miaka nayo ni fedha mlizokopesha. Utapata mstari wa tano uliolala kule juu kwenye 2,000 na kitu, mikopo yako yote imebanwa sakafuni kama utepe, na chini badala ya miaka yameandikwa 1, 2, 3, 4, 5. Nimeletewa taarifa iliyochapwa tayari ikiwa hivyo. Ukiikuta, bofya chati kwa kitufe cha kulia, chagua `Select Data`, ondoa `Mwaka` upande wa kushoto, na upande wa kulia bonyeza `Edit` uonyeshe seli zenye miaka.

Mwisho wa kila mstari andika jina lake palepale, kisha futa ile orodha ya rangi. Utapata tabu moja ndogo: elimu na ujenzi zinaishia kwenye nukta ileile ya 105, kwa hiyo majina yatalaliana. Sogeza "Elimu" juu kidogo na "Ujenzi" chini kidogo, au jina la ujenzi liandike kwenye mwaka 2022, pale mistari ilipokuwa bado imeachana.

Nasisitiza majina kwa sababu yalinikuta. Kuna chama niliwahi kukichorea taarifa, mistari mitano, rangi tano, kwenye kioo ilikuwa inang'aa kama khanga mpya. Nakala moja ikapigwa chapa kwa rangi, ikapelekwa steshenari Kariakoo, na kwa kubana matumizi wakatoa fotokopi 300 nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zikawa kijivu kimoja. Mkutanoni mzee mmoja akasimama, akainua karatasi, akauliza: "Mwalimu, hiki kijivu kinachoshuka ni marejesho, au ni kile kijivu kinachopanda?" Nikaangalia yangu, nami sikujua. Tangu siku ile mistari yangu huipa tofauti isiyotegemea rangi: mmoja mnene, mwingine wa vidoti, mwingine wenye vitone vya mraba, na jina juu yake. Wewe usingoje mkutano. Chapa ukurasa mmoja, upige fotokopi, kisha ile fotokopi uipige fotokopi tena. Ikisomeka baada ya hapo, peleka.

Vichwa vya chati navyo viandike kama sentensi. "Mikopo kwa aina 2020–2024" haimwambii mtu kitu. "Mikopo ya ujenzi imefikia ile ya elimu" inamwonyesha aangalie wapi. Na chini yake, kwa herufi ndogo: milioni za shilingi, Januari hadi Desemba. Hilo la miezi usiliache, kwani Serikali mwaka wake wa fedha unaanza 1 Julai, na wanachama wengine ni watumishi wanaofikiri kwa mwaka huo.

Kuhusu mwenyekiti, usiende kubishana naye kwa maneno. Mpelekee karatasi mbili. Ya kwanza iwe na maduara yake, la 2020 na la 2024, bila namba juu ya vipande. Muulize, mikopo ya elimu imeongezeka au haikuongezeka? Akishajibu, mpe ile ya mistari.